Uzi: Jumla ya wati ni 1,324, inverta ni ya 3,000. Mbona inazima pampu ikiwaka?

Mtaka Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie hesabu, maana nimeirudia mara nne na kila mara inanipa jibu lile lile, lakini inverta haikubaliani nayo.

Nina inverta iliyoandikwa 3000VA, ya volti 24. Betri ni mbili za maji, kila moja 12V 200Ah. Vitu nilivyounganisha ni hivi: taa 8 za wati 9, TV ya wati 90, ruta wati 12, laptop mbili za wati 65, feni mbili za wati 60, friji wati 150, na pampu ya maji ya wati 750. Jumla yake ni 1,324. Hata nusu ya uwezo wa inverta haijafika.

Matatizo ni mawili. La kwanza, pampu ikiwaka kuna wakati inverta inapiga kelele na kuzima kila kitu. Kuna wakati mwingine pampu inawaka vizuri tu. La pili ni muda. Bila pampu jumla ni wati 574. Betri zina 4,800, yaani 24 mara 200. Nikigawanya napata zaidi ya masaa 8. Lakini kiashirio cha betri kinafika nusu baada ya masaa manne na nusu hivi, na fundi aliniagiza nisivuke hapo, kwa hiyo nazima.

Nimekosea wapi?

---

Kibuyu Kizima

Mkuu, kitu chenye mota huwezi kukihesabu kwa wati za kawaida. Kinapoanza kinavuta zaidi. Mimi kanuni yangu ni rahisi, jumlisha vyote kisha zidisha mara tatu. 1,324 mara tatu ni karibu 4,000. Inverta yako ni ya 3,000, basi haitoshi. Tafuta ya 5,000 na utalala usingizi.

---

Baba Tausi

Paneli zako ni ngapi na za wati ngapi? Mimi nilikuwa nazo mbili, betri zikawa hazijai. Nikaongeza mbili na shida ikaisha. Anza na paneli.

---

Mtaka Mwanga

Baba Tausi, asante, lakini situmii paneli. Betri zinachajiwa na umeme wa gridi ukiwepo, na zinajaa kabisa. Shida inaanza umeme ukikatika.

---

Fundi Waya

Mtaka Mwanga, umefanya jambo zuri kuorodhesha kila kitu. Kibuyu Kizima amegusa penyewe kuhusu mota, ila hiyo mara tatu inaonea taa na kudekeza pampu. Taa ya wati 9 haihitaji 27. Pampu nayo haishibi kwa mara tatu.

Kabla sijapiga hesabu naomba mambo matatu. Kwanza, hiyo 750 ya pampu umeisoma wapi? Nenda kwenye kibati chake uniandikie kila namba iliyopo, hasa yenye herufi A. Pili, kibati cha inverta kimeandika 3000VA peke yake, au kuna W pia? Tatu, inverta inapozima, kwenye kioo inaandika nini au inawasha taa gani?

---

Mtaka Mwanga

Fundi, nimetoka kuangalia sasa hivi. Pampu: 230V, 0.75 kW, 1 HP, 5.2 A. Inverta: 3000VA / 2400W, na chini yake wameandika kwamba inabeba hadi 6000VA kwa muda mfupi. Haina kioo, ina taa tatu. Ikizima inawaka nyekundu. Kitabu kinasema nyekundu ni mzigo umezidi AU betri ziko chini. Taa ni hiyo hiyo kwa yote mawili.

---

Fundi Waya

Sawa. Tuanze na pampu, maana ndiyo iliyokudanganya.

Hiyo 0.75 kW si umeme unaoingia. Ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota kwenda kusukuma maji, ndiyo maana imeandikwa pamoja na 1 HP. Umeme unaoingia ni mkubwa zaidi kwa sababu mota inapoteza sehemu kama joto. Unachokihitaji ni ile ampea: 5.2 mara 230 ni karibu 1,200 VA. Kwa hiyo pampu ikiwa imeshatulia na inazunguka, tayari inabeba zaidi ya theluthi moja ya inverta yako, wala si robo kama ulivyodhani.

Sasa njoo kwenye kuwaka. Mota ya namna hii ikiwa imesimama inavuta kati ya mara nne na mara saba ya ampea zake za kawaida, kwa sehemu ya sekunde mpaka sekunde moja hivi. Tuchukue mara tano. 5.2 mara 5 ni 26 A, mara 230 ni karibu 5,980 VA.

Linganisha na 6,000 yako. Pampu ikiwaka peke yake inapita kwa kusuguana na ukuta. Ikiwaka wakati vitu vingine vya wati 574 viko kazini, jumla inakuwa kama 6,550, na inverta inazima. Ndiyo maana siku nyingine inakubali na siku nyingine inakataa: pampu ni ile ile, kilichobadilika ni nini kingine kilikuwa kinafanya kazi dakika hiyo.

Hesabu ya kuwaka hufanywa hivyo: chukua kitu kimoja chenye mkupuo mkubwa kuliko vyote, kisha ongeza matumizi ya kawaida ya vingine vilivyobaki. Usijumlishe mikupuo yote, kwa sababu mota haziwaki kwa sekunde moja.

Lakini bado sijakubali kwamba hilo ndilo tatizo lako lote. Taa moja kwa makosa mawili inanitia wasiwasi.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Fundi, hapo kwenye "mota haziwaki kwa sekunde moja" naomba nipinge kidogo kutokana na yaliyonikuta.

Mimi natumia jenereta. Nina friza, friji na pampu. Nikiwasha kimoja kimoja, jenereta inabeba vyote bila shida. Siku moja iliishiwa mafuta katikati ya kazi. Nikajaza, nikaiwasha bila kuzima chochote. Vyote vitatu viliwaka pamoja, injini ikashuka sauti kama inakabwa, taa zikafifia, na breka ikaruka. Kwa hiyo kuna siku mota zinawaka kwa sekunde moja.

---

Fundi Waya

Nahodha, uko sahihi kabisa na nilipaswa kulisema. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kila chenye swichi iliyoachwa imewashwa kinaanza pamoja. Friji na friza zina ugumu wa ziada: kompresa ikizimwa ghafla inabaki na gesi yenye shinikizo upande mmoja, na ukiiwasha hapo hapo inasukuma dhidi ya shinikizo hilo. Inanguruma bila kuzunguka mpaka kinga yake iikate. Ipe dakika tano itulie. Kwenye jenereta zima mizigo yote, washa injini, iache itulie, kisha anza na mota kubwa kuliko zote, halafu zinazofuata, na taa mwisho.

Tena kwenye jenereta soma namba mbili. Mara nyingi maandishi makubwa ya ubavuni ni kiwango cha juu ambacho haiwezi kukishikilia kwa muda mrefu. Kiwango cha kazi ya kawaida ni kidogo zaidi, kipo kwenye kibati kwa maandishi madogo. Hesabu ya masaa fanya kwa hicho kidogo.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Mtaka Mwanga, una maltimita yenye kitufe cha MIN/MAX? Isiyo nacho haitaiona namba, maana jambo lenyewe linapita haraka. Pima volti mara mbili pampu inapowaka: mara moja ncha za mita zikiwa juu ya vichwa vya betri zenyewe, mara ya pili zikiwa kwenye skrubu za inverta zinakoingilia waya za betri. Niletee namba ya chini kabisa ya kila sehemu. Niambie pia unene na urefu wa waya hizo.

---

Kibuyu Kizima

Betri mbili tu za 200 kwa pampu ya HP moja? Hapo betri ndizo zinazoshindwa. Ongeza ziwe nne.

---

Mtaka Mwanga

Nimeazima mita. Kwenye vichwa vya betri chini kabisa ni 22.3. Kwenye inverta chini kabisa ni 20.6. Nimerudia mara tatu, tofauti ni hiyo hiyo. Waya ni milimita 16 za mraba, kama mita tatu kwenda na tatu kurudi, maana betri ziko nje ya ukuta. Katikati kuna breka. Kitabu cha inverta kinasema inakata ikiona volti 21.

---

Fundi Waya

Hapo ndipo penyewe. Betri zako zinashuka mpaka 22.3, jambo la kawaida kwa mkupuo huo. Lakini inverta inaona 20.6. Inaamini betri zimekwisha na inakata, wakati betri zimejaa. Volti 1.7 zimepotelea njiani.

Mkupuo wa pampu ukifika upande wa betri ni kama wati 4,000. Si 6,000, kwa sababu mota inapoanza sehemu kubwa ya zile VA inaenda na kurudi bila kufanya kazi. Gawanya kwa volti 22, unapata kama ampea 180. Ampea 180 kwenye mita sita za shaba ya milimita 16 zinapoteza karibu volti 1.2. Nusu volti iliyobaki ipo kwenye breka na viungo. Pampu ikitoka kufanya kazi, gusa kwa tahadhari sehemu za nje za viungo hivyo. Kuna kimoja kitakuwa cha moto kuliko wenzake.

Kibuyu Kizima, nne zingesaidia kidogo, kwa sababu 22.3 ingepanda. Lakini zile 1.7 zingebaki pale pale.

Weka milimita 50 za mraba na usogeze inverta karibu na betri, mita moja na nusu kwa upande. Kwa mkupuo huo huo waya itapoteza kama volti 0.2.

---

Mama Wawili

Naomba kuuliza kuhusu friji, maana wote mnaiandika wati 150 kana kwamba inakula hivyo mfululizo. Mimi nina kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Friji yangu ikifanya kazi inaonyesha 120, kisha inalala inaonyesha 2. Lakini mara moja au mbili kwa siku inaruka kwenye 260 na kukaa hapo kama dakika ishirini, kompresa ikiwa kimya kabisa. Nimeogopa kwamba ina hitilafu.

---

Fundi Waya

Dada, friji yako ni nzima. Ni aina isiyoganda barafu. Ndani ina hita inayoyeyusha barafu kwenye mabomba, na hita hiyo ndiyo hizo 260. Haina mkupuo wa kuwaka, ila inakula. Kipimo chako ni bora kuliko kibati chochote: kiache siku nzima, soma kWh, gawanya kwa 24. Hiyo ndiyo wastani wako wa kweli.

Na hili linatupeleka kwenye swali la pili la Mtaka Mwanga, la masaa. Hapo kuna makosa yanayovuta huku na kule, ndiyo maana hukuyaona.

Kwanza umeonea vifaa. Friji haifanyi kazi mfululizo, tuchukue asilimia 40 ya muda. Chaja ya laptop imeandikwa 65 kama kikomo, wastani wake ni kama 30. Taa zote 8 haziwaki pamoja, tuseme 5. Tuseme umeme umekatika kwa masaa sita: friji 360, TV masaa manne 360, taa masaa matano 225, laptop mbili masaa manne 240, ruta 72, feni mbili masaa matano 600. Pampu dakika ishirini kwa jumla ni kama 370. Ukijumlisha unapata wati-saa 2,227.

Halafu ukaitukuza betri. Inverta haitoi yote inayopokea, nayo yenyewe inakula hata ukiwa hujawasha kitu. Tuchukue asilimia 85: 2,227 inakuwa kama 2,620 zinazotoka kwenye betri. Upande wa pili, 4,800 ni betri kavukavu mpaka mwisho, na hiyo 200Ah imepimwa kwa kuitumia polepole kwa masaa 20. Umeagizwa uishie nusu, na agizo ni sahihi kwa betri za maji. Basi una 2,400.

Kwa hiyo hata betri zikiwa mpya masaa sita hayafiki. Zako zina umri gani?

---

Mtaka Mwanga

Miaka mitatu na miezi kidogo.

---

Fundi Waya

Ukizipa asilimia 80 ya uwezo wa zamani, 2,400 inakuwa 1,920. Matumizi yako ni 2,620 kwa masaa sita, yaani 437 kwa saa. 1,920 kwa 437 ni masaa 4.4. Ndiyo masaa yako manne na nusu. Ila hiyo 80 nimeikisia kutokana na jibu lako, sijaipima. Kama unataka uhakika, pima uzito wa maji ya kila chumba kwa haidromita betri zikiwa zimejaa. Chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake, betri hiyo ndiyo inayoburuta nyingine.

---

Mtaka Mwanga

Narudi na matokeo. Waya za milimita 50 zimewekwa, inverta imesogezwa. Kiungo kimoja cha breka kilikuwa cheusi kwa moto, nimebadilisha breka. Sasa chini kabisa kwenye inverta ni 22.0. Pampu inawaka karibu kila mara. Lakini mara mbili wiki hii imezima tena, zote friji ikiwa inafanya kazi.

Kuna jambo sikulisema kwa sababu sikujua lina uzito. Pampu siiwashi mimi. Ina preshaswichi, inajiwasha yenyewe mtu akifungua bomba.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Kaka, hilo ndilo lenye uzito kuliko yote! Maana yake kwa jioni moja inawaka mara kumi au ishirini, na kila mara ni bahati nasibu kama friji ipo kazini au la.

---

Fundi Waya

Naungana na Nahodha. Zile dakika ishirini nilizohesabu ni sawa kwa wati-saa, lakini idadi ya kuwaka ndiyo inayoisumbua inverta. Angalia upepo kwenye tangi dogo la presha. Likiwa limejaa maji na halina upepo, pampu inajiwasha kwa kila kikombe kinachochotwa.

---

Kibuyu Kizima

Kuna softi stata. Unaifunga kwenye waya wa pampu, inaanza polepole, mkupuo unapungua karibu nusu. Jirani yangu anayo kwenye kiyoyozi na imemfaa.

---

Fundi Waya

Kwa kiyoyozi nimeziona zikifanya kazi vizuri, kwa sababu zimetengenezwa kwa kompresa. Kwa pampu ndogo ya fezi moja yenye kapasita sina uhakika hivyo. Kifaa kinachopunguza volti kinapunguza pia nguvu ya kuanza kuzunguka, na mota ikisita, kapasita na koili zinapata moto. Pampu yenye mapanga ya kusukuma kwa mzunguko inaanza kirahisi, pengine itakubali. Nyingine haitakubali.

---

Injini ya Bibi

Mimi ninayo kwenye pampu ya HP moja, mwaka wa pili sasa, haijawahi kukwama. Fundi anaogopa kupita kiasi.

---

Fundi Waya

Nafurahi kusikia. Pampu yako ya aina gani, na kapasita yake ni ya kubaki muda wote au ya kuanzia tu?

---

Mtaka Mwanga

Leo nimeazima klampu mita inayokamata mkupuo. Pampu ikiwa kwenye umeme wa gridi, inapowaka inasoma 31 A, si 26. Kwenye inverta inasoma 24, lakini inanguruma kwanza karibu sekunde mbili kabla haijakolea. Mbona kwenye inverta ni ndogo?

---

Fundi Waya

Kwa sababu inverta imefika mwisho wake na kushusha volti zake, hivyo mota nayo inapata ampea chache. Huo mngurumo wa sekunde mbili ni mota inayotafuta nguvu ya kuondoka. 31 mara 230 ni 7,130, juu ya 6,000 hata pampu ikiwa peke yake. Makisio yangu ya mara tano yalikuwa madogo, kipimo chako kimenisahihisha. Usiiache iendelee hivyo kila siku, koili zitaungua.

---

Mtaka Mwanga

Basi nimeitoa pampu kwenye inverta kuanzia leo. Umeme ukikatika tutatumia maji ya tangi la juu. Kwenye tangi la presha, nilipobonyeza vali ya upepo yalitoka maji. Injini ya Bibi, bado nasubiri jibu lako kuhusu kapasita kabla sijaamua juu ya hiyo softi stata.